Jinsi ya kumwandikia mwenzako wa kazini barua ya msamaha baada ya kusambaza picha uliyombandika uso bila kumwuliza

Kijana anafungua programu ya kubadilisha nyuso kwenye simu, anachukua uso wa mwenzake wa kazini, anaubandika kwenye mwili wa mtu mwingine, na kabla chai ya saa nne haijaisha picha iko kwenye kundi la ofisi. Watu wanacheka. Kufikia jioni mwenye uso hajibu salamu tena. Mwongozo huu ni wa kijana huyo, siku anapokaa chini kuandika barua ya kuomba msamaha na anataka iwe barua ya kweli.

Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa majina ya kubuni. Kibet ana miaka 26 na ni karani katika ghala la kampuni ya mizigo kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi. Mwende ana miaka 34, na majuzi amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu. Siku ya Ijumaa meneja wa ghala aliweka kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi picha ya harusi yake, kuadhimisha miaka kumi ya ndoa. Kibet aliichukua picha hiyo, akaondoa uso wa mke wa meneja, akaweka uso wa Mwende alioutoa kwenye picha yake ya wasifu. Kisha akairudisha kundini na maneno haya: “Hongera bosi mpya na mzee wake.” Kundi lina watu 38. Jumamosi asubuhi mume wa Mwende aliipokea picha ile kutoka kwa mtu ambaye hata hafanyi kazi pale.

Kibet aliona utani wa mavazi ya harusi. Ghala zima lilisoma kitu kingine, kwamba Mwende alipata cheo kwa sababu ya meneja. Barua yake lazima ianzie kwenye hicho kilichosomwa na watu. Alichokusudia yeye hakina nafasi kubwa humo.

Barua nyingi za namna hii hazifiki popote kwa sababu zinazungumzia moyo wa aliyekosea: alivyoumia, alivyokosa usingizi, alivyo mtu mzuri kwa kawaida. Mwende, kwa wakati huo, ana maswali ya kawaida kabisa. Uso wangu uko wapi sasa? Nani ameuona? Nani ameambiwa kwamba ile picha ni ya uongo? Utarudia? Barua inayoyajibu hayo kwa ukweli inampa kitu cha kushika mkononi. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwanza, ifuatilie picha

Chukua daftari uandike mambo manne: uso uliutoa wapi, picha ya pili uliitoa wapi, uliitengenezea wapi, na uliipeleka wapi. Usitegemee kumbukumbu. Fungua simu, pitia kila mazungumzo ya siku ile, na usisahau stetasi. Watu wengi hukumbuka kundi la ofisi na kusahau kwamba picha hiyohiyo waliwatumia marafiki wawili wa mtaani, au waliiweka kwenye stetasi ambako ilikaa saa 24.

Kibet alipopitia simu yake aligundua njia tatu. Aliiweka kundini saa kumi alasiri. Alimtumia pia mfanyakazi mmoja wa tawi la Mombasa. Na aliituma kwenye kundi dogo la vijana wanaopanda matatu pamoja kurudi Embakasi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyofika kwa mume wa Mwende, maana huko ndiko kulikokuwa na watu wasio wa kazini. Kama asingepitia simu, barua yake ingesema “niliiweka kwenye kundi la ofisi tu”, na Mwende, ambaye tayari anajua imefika nje, angeona ameongopewa mara ya pili.

Kuna jambo la mpangilio hapa. Kabla hujaifuta picha kwenye kundi, bonyeza ujumbe huo kwa muda, ufungue sehemu ya `Info`. Utaona waliousoma na waliofikiwa tu. Andika majina hayo daftarini. Ukishafuta, huna tena mahali pa kuyatazama. Usipige skrinishoti ya picha yenyewe ili kuweka kumbukumbu, kwa sababu hiyo ni nakala nyingine ya uso wa mtu kwenye simu yako.

Baada ya hapo futa kwa `Delete for everyone`. Kitufe hicho kina muda wake: kwenye WhatsApp ni siku mbili na saa chache baada ya kutuma. Muda ukipita utabaki na `Delete for me` peke yake, ambayo inaificha picha kwako wewe tu huku wengine wakiendelea kuiona. Hapo mwombe admini wa kundi ajaribu kuifuta, kwa kuwa yeye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa wanachama wengine kwa wote. Wapo wanaokosea wakabonyeza `Delete for me` kwa haraka, kisha kwao kundi linaonekana safi na wakaamini kazi imekwisha. Njia ya kuhakikisha ni kumwomba mtu mmoja wa kundini aangalie kwenye simu yake.

Hata ukifuta vizuri, aliyeihifadhi kwenye simu bado anayo, na aliyempelekea mwingine amezaa nakala ambayo kitufe chako hakiigusi. WhatsApp haikuonyeshi nani alimpelekea nani. Kwa hiyo huna haki ya kuandika “nimeifuta kila mahali”. Unachoweza kusema ni ulikoifuta, uliowaomba, na waliokujibu.

Usisahau programu uliyoitengenezea. Nyingi za programu hizi hupeleka picha kwenye mitambo ya kampuni husika ili zichakatwe huko, na huacha nakala kwenye historia ya akaunti yako. Ingia, futa picha zote mbili, futa na akaunti ikiwezekana, kisha ndipo uiondoe programu kwenye simu. Ukianza kwa kuiondoa programu, akaunti inabaki huko na uso wa Mwende unaweza kubaki ndani yake. Malizia kwa kuangalia galari, sehemu ya vilivyofutwa karibuni, na hifadhi ya mtandaoni inayojinakilia picha bila wewe kuiambia.

Katika hali moja tu usikimbilie kufuta kilicho kwenye simu yako: ikiwa malalamiko yameshafika ofisi ya rasilimali watu. Iondoe kundini ili isiendelee kuenea, lakini nakala ya kwenye simu iache kwanza hadi uwaambie unayo na wakuelekeze. Mtu anayefuta kila kitu baada ya kuitwa huonekana anaficha ushahidi, hata kama nia yake ilikuwa safi.

Sentensi chache kundini, siku hiyohiyo

Watu huuliza kama waombe msamaha mbele ya kundi zima kwanza. Mimi naona mambo haya mawili yatenganishwe. Kusema kwamba picha ni ya uongo ni jambo la dharura, na halihitaji ruhusa ya Mwende. Kumwomba Mwende msamaha hadharani ni uamuzi wake, kwa sababu kunaweza kurudisha mazungumzo yote upya kwa watu waliokuwa wameanza kusahau.

Kibet aandike hivi kundini, na mahali pengine popote alipoipeleka:

“Picha ya harusi niliyoweka hapa Ijumaa ni ya kutengenezwa. Niliitengeneza mimi, na maneno niliyoandika hayakuwa na ukweli wowote. Nimeifuta. Tafadhali, aliyeihifadhi aifute, na aliyempelekea mtu mwingine amwombe aifute pia.”

Jina la Mwende halimo. Picha haimo. Hakuna kikaragosi, hakuna “samahani wadau”, hakuna maelezo ya kilichomsukuma. Mtu akijibu kwa mzaha, Kibet asijibizane naye kundini. Amwandikie pembeni amwombe aache. Na wale ambao majina yao yako daftarini kwamba waliiona, hasa aliyekuwa Mombasa na wale wa Embakasi, awapigie simu mmoja mmoja awaulize kama walimpelekea mtu. Simu hizo zina aibu, lakini ndizo zitakazompa cha kuandika kwenye barua.

Rasimu ya kwanza, na kwa nini haifai

Kijana wa Nairobi akiachwa aandike yaliyo moyoni, mara nyingi hutoka na kitu kama hiki:

“Mambo Mwende. Najua ulichukulia vibaya ile picha. Ilikuwa tu utani na kila mtu alicheka, hata meneja hakusema kitu. Kama nilikukosea, pole sana. Unajua mimi nakuheshimu kama dada yangu wa damu. Tangu Ijumaa sijalala. Naomba tusipeleke mambo mbali, unajua hali ya kazi ilivyo na mama ananitegemea. Niambie tu umenisamehe tuendelee na kazi kama kawaida.”

Kibet anamaanisha mema, lakini karibu kila sentensi inaongeza jeraha. “Ulichukulia vibaya” inahamisha kosa kutoka kwa aliyetengeneza picha hadi kwa aliyeitazama. “Kila mtu alicheka” inamkumbusha Mwende kile hasa kilichomuumiza, kwamba kulikuwa na kundi la watu wakicheka bila yeye. “Kama nilikukosea” inaacha mlango wazi kwamba huenda hakukuwa na kosa. “Pole” tunampa mtu aliyefiwa au aliyejikwaa, na anayeitoa huwa hana lawama, kwa hiyo haiwezi kubeba barua hii. Andika “nilikukosea” na “naomba unisamehe”.

“Kama dada yangu wa damu” inaonekana ya heshima, ila Mwende hakuomba udugu. Alikuwa na heshima yake kama mfanyakazi, na hiyo ndiyo iliyoguswa. Kisha barua inageuka kumhusu Kibet: hajalala, ana mama, anaogopa kufutwa. Huenda yote ni kweli. Lakini Mwende akishayasoma, akienda kulalamika ataonekana yeye ndiye anayemnyima mama wa watu chakula. Hilo ni shinikizo, na sentensi ya mwisho inalimalizia kwa kudai jibu.

Kinachokosekana kinaonekana ukitafuta maswali yale manne. Barua haisemi alitengeneza nini, alipeleka wapi, wala picha iko wapi sasa. Neno “cheo” halimo kabisa. Ukisoma rasimu yako na huwezi kujua kutoka ndani yake kosa lilikuwa lipi, ujue bado hujaomba msamaha.

Barua yenyewe

Andika kwa lugha mnayotumia mnapozungumza mambo mazito. Kama ni Kiswahili, kiwe Kiswahili cha kawaida bila Sheng, kwa sababu Sheng hapa italeta tena hewa ya mzaha. Kama ofisini mnazungumza Kiingereza, mwandikie kwa hicho. Mwite kama ulivyokuwa ukimwita kabla ya haya yote. Kibet alikuwa akimwita Dada Mwende kwa kuwa amemzidi umri, basi aendelee hivyo. “Mpendwa Mwende” ningeliacha, ingawa ndivyo barua nyingi huanza, kwa kuwa picha yenyewe ilimhusisha na mapenzi ya kubuni. Ukurasa mmoja unatosha. Ukizidi hapo, umeanza kujitetea.

Sentensi ya kwanza itaje kitendo, kwa kitenzi chenye nafsi ya kwanza: nilichukua, nilibandika, niliweka. Ukijikuta umeandika “picha ilitumwa” au “mambo yalitokea”, rudi uandike nani alituma. Kisha taja maana ambayo picha ilibeba, hata kama inakuuma kuiandika. Hapa ndipo vijana wengi hurudi nyuma, wakiogopa kwamba kuyataja maneno ni kuyarudia. Lakini Mwende tayari anayajua. Anachosubiri ni kuona kama Kibet naye anayajua. Yataje mara moja, yakanushe waziwazi, kisha usiyarudie.

Baada ya hapo andika hesabu ya picha: ilikokwenda, ulichofanya, usichoweza kufanya. Halafu unachokitoa, ukimwachia yeye uamuzi. Halafu utakachoacha kufanya, kwa maneno yanayoweza kupimwa. “Nitabadilika” haipimiki. “Sitatumia tena picha ya mtu yeyote wa hapa kazini bila kumwuliza kwanza” inapimika, na siku ukiivunja kila mtu ataiona. Mwisho mwambie hana deni la jibu kwako.

Hivi ndivyo barua ya Kibet inavyoweza kusomeka:

“Kwa Dada Mwende,

Ijumaa alasiri nilichukua uso wako kwenye picha yako ya wasifu, nikaubandika kwenye picha ya harusi ya meneja na mkewe, nikaiweka kwenye kundi la wafanyakazi pamoja na maneno ya kukupongeza kama mke wake. Sikukuuliza. Nilikukosea, na naomba unisamehe.

Picha ile na maneno yale yaliwaambia watu kwamba cheo chako kilitokana na uhusiano na meneja. Huo ni uongo, na niliutunga mimi. Ulipata kazi hiyo kwa kazi yako, na mimi nilifanya watu wakucheke katika wiki zako za kwanza za kuisimamia. Najua pia kwamba picha ilifika nyumbani kwako, ambako hukupaswa kabisa kuulizwa jambo kama hilo.

Niliipeleka sehemu tatu: kundi la wafanyakazi, mfanyakazi mmoja wa Mombasa, na kundi la watu sita ninaosafiri nao kwenda Embakasi. Nimeifuta kote huko. Nimeifuta pia kwenye simu yangu na kwenye programu niliyoitengenezea, na akaunti yenyewe nimeifunga. Nimezungumza na wote sita na yule wa Mombasa. Wawili walikiri waliipeleka mbele, na wamewaomba waliowapelekea waifute. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna nakala iliyobaki. Nikisikia ipo mahali, nitakuambia na nitamwomba aliye nayo aiondoe.

Kama ungependa niombe msamaha mbele ya wafanyakazi, au nimweleze mtu yeyote wa familia yako kwamba picha ni ya kutengenezwa na niliitengeneza mimi, nitafanya hivyo kwa namna utakayosema. Kama ungependa nisiseme lolote zaidi, nitanyamaza. Ukiamua kulipeleka suala hili kwa ofisi, nitaeleza kama nilivyoeleza hapa.

Sitatumia tena picha ya mtu yeyote wa hapa kazini bila kumwuliza kwanza. Katika kazi nitaendelea kukuletea ripoti za ghala kama inavyotakiwa. Huna haja ya kunijibu barua hii.

Kibet”

Angalia aya ya nne. Kibet hakuenda kwa mume wa Mwende kujieleza kwa hiari yake, ingawa angeona ni uungwana. Kijana anayejitokeza mlangoni kwa mtu kusema “mimi ndiye niliyetengeneza picha ya mke wako” anaweza kuwasha moto ambao Mwende alikuwa ameshauzima kwa njia yake. Sentensi ya ripoti za ghala pia imewekwa kwa makusudi. Mwende ndiye msimamizi wake sasa, na barua inampa hakika kwamba kosa hili halitageuka kuwa mgomo wa chini kwa chini kwenye zamu.

Kila kitu kilichoandikwa humo lazima kiwe kimefanyika kabla barua haijakunjwa. Kama bado hujazungumza na yule wa Mombasa, usiandike umezungumza naye. Andika “leo jioni nitampigia”, kisha umpigie.

Kuifikisha

Hapa naegemea karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, ukimkabidhi mkononi akiwa peke yake lakini mahali pa wazi, kama varanda ya ofisi baada ya zamu. Sema sentensi moja, “Dada Mwende, nimekuandikia, utaisoma ukipenda”, kisha ondoka. Usisimame kumtazama akiisoma. Usiiache juu ya meza yake ambako mtu mwingine ataifungua. WhatsApp ina kasoro mbili: alama za buluu zinakufanya uanze kuhesabu dakika za kungoja jibu, na yeye anapokea maneno yako kwenye kifaa kilekile kilichomletea picha. Barua pepe ya kazini inafaa pale tu mnapofanya kazi majengo tofauti.

Asipotaka kukuona, au ofisi ikiwa imekuagiza usimkaribie, ipeleke kwa rasilimali watu waamue wao. Usimtume mzee wa ofisini akuombee. Kwetu ni kawaida kutafuta mtu mzima asuluhishe, na katika ugomvi wa watu wawili walio sawa husaidia sana. Lakini hapa Mwende ataona tena watu wamekusanyika kuzungumza habari zake, na ataona vigumu kumkatalia mzee. Usifuatanishe barua na keki wala zawadi, kwa sababu hiyohiyo.

Wakati unaofaa ni siku moja hadi tatu baada ya tukio. Kuifuta picha na kuandika kundini ni kazi ya saa ileile, lakini barua ipe usiku mmoja, uisome asubuhi, kisha ukate kila sentensi inayoanza na “lakini”.

Ofisi na sheria

Kijana anapaswa kujua amesimama wapi, ingawa hakuna kifungu cha sheria kinachopaswa kuingia kwenye barua. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Ibara ya 28 inalinda utu wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na picha ya uso ni mojawapo. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Ile ilikuwa biashara, si karani na simu yake, lakini inaonyesha jinsi ridhaa inavyochukuliwa kwa uzito.

La karibu zaidi na Kibet ni Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 6 kinahusu udhalilishaji wa kingono kazini, kinagusa hata maneno na picha, na kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi. Picha inayodokeza kwamba mwanamke alipata cheo kwa njia ya kitanda inaweza kupelekwa chini ya sera hiyo. Barua yako inaweza kusomwa huko. Iandike ukijua hivyo, na bado iwe ya kweli. Usimwombe Mwende asilalamike, wala usimpe pesa anyamaze.

Mwongozo huu una mpaka mmoja. Ikiwa uso wake uliubandika kwenye mwili ulio uchi au kwenye tendo la ngono, usianze na barua. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ina kifungu, cha 37, kinachohusu kusambaza picha chafu au za faragha za mtu. Zuia usambazaji, mwone wakili, iarifu ofisi, na mawasiliano yoyote na mwenzako yapitie huko. Yeye ndiye atakayesema kama anataka hata neno kutoka kwako.

Baada ya barua

Usiulize kama ameisoma. Salamu zako ziwe zilezile za kazini, fupi, mbele ya watu. Akikujibu kwa hasira, msikilize hadi mwisho bila kurekebisha maelezo yake. Akikuuliza swali, jibu swali hilo peke yake. Akikutajia jambo la kufanya, lifanye siku hiyo na umjulishe kwa sentensi moja kwamba limefanyika. Wapo wanaosamehe na hawarudii ukaribu wa zamani, na hilo si la kujadiliana naye.

Kuna wengine wawili ambao Kibet huwasahau kwa urahisi. Meneja aliwekewa uhusiano ambao hakuwa nao, na mke wake alifutwa uso kwenye picha ya harusi yake mwenyewe. Meneja aandikiwe barua yake, fupi, inayotaja kitendo na kukanusha uongo, na imwombe amfikishie mkewe msamaha akiona inafaa. Barua hiyo isimtaje Mwende zaidi ya inavyobidi, wala isisimulie kilichomo kwenye barua ya Mwende. Hizo ni barua mbili za watu wawili, na nakala za moja zisiende kwa mwingine.

Picha inaweza kuibuka tena miezi kadhaa baadaye, labda wakati wa sherehe ya mwisho wa mwaka mtu anapopekua galari yake. Likitokea hilo, usisubiri Mwende aione. Mwandikie aliyeiweka, pembeni: “Hiyo picha niliitengeneza mimi na ni ya uongo. Tafadhali iondoe sasa hivi.” Mwombe admini aiondoe kama mwenyewe anachelewa. Kisha mwandikie Mwende, maana uliahidi: “Dada Mwende, ile picha imewekwa tena kwenye kundi la wafanyakazi saa tatu hii. Nimemwomba aliyeiweka aitoe, na imeondolewa saa tatu na robo. Ukitaka niseme jambo kundini, nijulishe.”